Alifanya Nini Hasa?

Mwezi Aprili ukiingia, ofisi nyingi za umma nchini Tanzania hushikwa na maandalizi ya Mei Mosi. Fulana zinaagizwa, bango la maandamano linaandikwa, na kila idara inapiga kura kumpata mfanyakazi hodari wake. Majina hupelekwa kwenye kamati, kamati humchagua mmoja wa taasisi nzima, na tarehe 1 Mei anaitwa mbele ya mgeni rasmi apokee cheti na bahasha. Kabla hajapokea, mtu mmoja husimama kwenye kipaza sauti akasoma wasifu wake. Kwa miaka kadhaa mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa katibu wa afya katika hospitali moja ya wilaya huko Nyanda za Juu Kusini, na kuandika wasifu wa mshindi ilikuwa kazi ya ofisi yangu.

Fomu za mapendekezo zilizokuwa zikiletwa na idara zilifanana sana. Mchapakazi. Mwadilifu. Anajituma. Ana ushirikiano na wenzake. Anawahi kazini. Ana lugha nzuri kwa wagonjwa. Sisemi kwamba ulikuwa uongo, maana wengi wao walikuwa hivyo kweli. Lakini ukilifunika jina kwa kidole, huwezi kujua kama anayesifiwa ni mtu wa maabara, wa jikoni au wa chumba cha upasuaji. Na watu waliosimama juani uwanjani wanalijua hilo. Wakisikia sifa ambazo zingemfaa yeyote, wanahitimisha kwamba tuzo inakwenda kwa zamu, mwaka huu wodi ya wazazi na mwakani maabara, au kwamba mshindi ni mtu wa karibu na wakubwa. Anayeumia zaidi ni mshindi mwenyewe. Anatembea mbele ya umati bila kujua ofisi imemwona akifanya nini.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, kliniki ya mama na mtoto ilimpendekeza muuguzi mmoja. Wenzake walimwita Sista, kama wauguzi wengi wanavyoitwa, nami nitamwita hivyo hapa. Fomu yake ilikuwa na mistari miwili, na maneno yalikuwa yaleyale. Kamati ilimchagua kwa sababu kura zake zilikuwa nyingi. Nikateremka kliniki kuuliza.

Mwanzoni niliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: Sista yukoje? Nikajibiwa kwamba ni mtu mzuri sana, hana makuu. Swali la namna hiyo huzaa sifa, na sifa hazisaidii kuandika. Nikaligeuza. Niambieni siku moja, nikawaambia, ambayo kama Sista angekuwa likizo mambo yangekwenda kombo. Wakatazamana. Kisha muuguzi mmoja kijana akasema, "Labda ile ya jokofu, Katibu."

"Jokofu gani?"

"Si ile ya mwezi wa saba, chanjo zilipoganda."

Hapo ndipo wasifu ulipoanza kuandikika, na inabidi nieleze kisa chenyewe, kwa sababu bila kukielewa nisingeweza kumsifu Sista kwa haki.

Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi joto 2 na 8. Watu wengi huogopa joto, na wana sababu, maana umeme ukikatika chanjo huharibika. Ndiyo maana kwenye lebo ya kichupa huwekwa alama ya duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweusi sawa na duara, au kulizidi, kichupa hakitumiki tena. Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu kuganda, na zipo chanjo ambazo kuganda ndiko kunakoziua. Chanjo ya pepopunda ni mojawapo, na ile ya Penta wanayopewa watoto wachanga pia. Ikiganda kisha ikayeyuka, kichupa kinaonekana kizima, mraba ni mweupe, mtoto anachomwa sindano na analia kama wengine, lakini kinga aliyoijia huenda asiipate.

Kule kwetu hatari hiyo ni kubwa kuliko ya joto. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni wa baridi kali, asubuhi nyingine unakuta sakitu imetanda kwenye majani. Miezi ya joto mtu alikuwa amezungusha kitufe cha jokofu ili baridi iongezeke. Hakuna aliyekirudisha msimu ulipobadilika. Mchana jokofu lilisoma vizuri, na usiku liliteremka.

Jumatatu moja ya Julai Sista alifika, akafungua jokofu, akakuta kipimajoto kiko chini ya sifuri. Ndani ya jokofu kulikuwa pia na kile kifaa kidogo kinachotunza kumbukumbu ya joto kwa siku 30, ambacho huweka alama ya hatari joto likikaa chini ya nyuzi 0.5 hasi kwa dakika 60. Alikibonyeza kurudi nyuma siku moja moja. Alama ilikuwepo Jumamosi usiku, na Jumapili usiku tena. Nje, kwenye mabenchi, akina mama walikuwa wameshapanga foleni na kadi mikononi.

Alichofanya ndani ya saa ile ndicho nilichokuja kukiandika. Alizitoa chanjo zote zinazodhuriwa na kuganda, akazitenga kwenye kikapu chao ndani ya jokofu lilelile baada ya kurekebisha kitufe, akabandika karatasi: USITUMIE. Akampigia simu mratibu wa chanjo wa wilaya, akaomba chanjo za siku hiyo kutoka stoo ya wilaya. Kisha akatoka nje akawaambia akina mama ukweli. Aliwaambia kwamba baadhi ya chanjo huenda zimeharibika kwa baridi, kwamba nyingine zinakuja, na kwamba mwenye kutoka mbali avumilie asiondoke. Walivumilia karibu wote. Chanjo zilipofika ziko ndani ya kibebeo, kabla hajaanza kuchoma aliinua zile pakiti za barafu moja moja akazitikisa sikioni. Pakiti iliyotoka kwenye friza moja kwa moja inaweza kugandisha chanjo njiani, kwa hiyo huachwa nje kwanza hadi maji yasikike yakicheza ndani. Zilikuwa zinacheza.

Chanjo zilizotengwa zilibaki na swali: zipi zimekufa na zipi ni nzima? Kuzitupa zote ni hasara, na kuzitumia zote ni dhambi. Kipo kipimo cha kutikisa, na kinataka subira. Unachukua kichupa kimoja cha aina ileile na toleo lilelile, unakiandika kwamba hakitumiki, unakigandisha makusudi usiku kucha hadi kiwe barafu ngumu, kisha unakiacha kiyeyuke. Hicho ndicho shahidi wako, kwa kuwa unajua kwa hakika kimeganda. Unakishika pamoja na kile unachokitilia shaka, unavitikisa vyote kwa nguvu, unaviweka kwenye meza iliyonyooka, unatazama kwenye mwanga. Kilichoganda huteremsha mashapo haraka, na juu maji yanabaki maangavu. Ukikuta kile cha shaka kinateremsha mashapo kwa kasi ileile, au kuzidi, toleo hilo haliaminiki. Ukikuta kinabaki na ukungu wake huku shahidi ameshatulia, kimenusurika. Inachukua robo saa hadi nusu saa, na ni lazima urudie kwa kila aina na kila toleo. Sista aliifanya kazi hiyo Jumanne, akaandika matokeo kwenye daftari. Chanjo za Penta zilizokuwa upande wa nyuma, karibu na ukuta unaogandisha, zilishindwa. Za pepopunda zilizokuwa kikapuni katikati zilipita.

Nilitaka kuliona daftari hilo kwa macho yangu, na nililiona. Ninashikilia jambo hili kwa nguvu: kisa kisicho na karatasi, au kisicho na mashahidi wawili wasiosimuliana, hakisomwi mbele ya watu. Mtu aliyesimuliwa vizuri na wenzake anaweza kuwa ameongezewa, na uongezaji huo ukigundulika uwanjani anayeaibika ni yeye. Daftari lilikuwa na tarehe, namba za toleo, idadi ya vichupa vilivyotolewa na sahihi ya mratibu wa wilaya. Nikaomba pia karatasi ya joto ya mwezi ule, ile ambayo hujazwa mara mbili kila siku, asubuhi na jioni.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonipa shida. Kwenye siku zote za mwisho wa wiki palikuwa pameandikwa nne. Nne asubuhi, nne jioni, Jumamosi na Jumapili, wiki baada ya wiki, mpaka ile Jumapili ambayo kifaa kilionyesha joto liko chini ya sifuri. Jokofu halikai kwenye nyuzi 4 namna hiyo, hasa mlango unapofunguliwa na usiku unapobadilika. Mtu alikuwa akijaza Jumatatu kwa siku ambazo hakuwepo. Nikiwa nimeishika karatasi ile ndipo nilipoelewa vizuri kinachonisumbua kwenye fomu za mapendekezo. Mchapakazi, mwadilifu, anajituma: ni nne, nne, nne. Zinajaza nafasi, zinamridhisha anayekagua, na hakuna aliyefungua mlango akatazama.

Sasa, wasifu ungesema nini kuhusu zile nne? Ushujaa wa Sista ulikuwa hasa katika kuzikataa. Aliandika joto la chini ya sifuri kwa wino, mbele ya nne za mwenzake, akijua kutakuwa na maswali. Lakini mwenzake huyo angekuwa uwanjani, pengine na mke wake na watoto. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka kisa kielezwe chote ili iwe fundisho. Nilikataa, na hata leo ningekataa. Wasifu unasomwa kumheshimu mtu mmoja. Haufai kuwa baraza la nidhamu la mtu mwingine ambaye hana nafasi ya kujibu. Suala la karatasi lilikwenda kwa mganga mfawidhi, likashughulikiwa huko. Kwenye wasifu niliandika sentensi ambayo ni kweli tupu na haimnyooshei mtu kidole: wakati ule hatukuwa na utaratibu wa kusoma joto la jokofu siku za mwisho wa wiki. Kosa lilikuwa la taasisi pia, na taasisi ndiyo iliyokuwa ikizungumza.

Mjumbe mwingine alitaka tuandike kwamba Sista aliokoa maisha ya mamia ya watoto. Nalo nililikataa. Hakuna anayeweza kuwahesabu. Tunachojua ni kwamba hakuna mtoto aliyechomwa chanjo kutoka kwenye vichupa vilivyoshindwa Jumatatu ile, na hilo linatosha. Kutia chumvi mahali ambapo ukweli wenyewe ni mkubwa hupunguza, kwa sababu msikilizaji anaacha kufikiria vichupa na kuanza kufikiria kama anadanganywa.

Nilipomaliza rasimu nilimpelekea Sista aisome. Wengine hupenda kumshangaza mshindi. Mimi naona ni haki yake kujua kitakachosemwa juu yake, na mara nyingi yeye ndiye anayejua mahali palipokosewa. Aliisoma polepole, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimeandika kwamba baada ya tukio alibuni mpango wa walinzi kusoma kipimajoto Jumamosi na Jumapili.

"Siyo mimi, Katibu," akasema. "Ni mzee wa getini. Aliniona nakuja Jumapili jioni na kanga kichwani, akaniuliza nafuata nini. Nikamwambia. Akasema, 'Mwanangu, mimi nipo hapa usiku kucha, nifundishe kusoma hicho kitu.' Mimi nilimfundisha tu."

Mstari ukabadilishwa. Wasifu uliosomwa, baada ya salamu za itifaki, ulikuwa hivi, na majina nimeyaondoa:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mfanyakazi wetu hodari mwaka huu ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Julai iliyopita, Jumatatu asubuhi, alifungua jokofu la chanjo akakuta joto limeshuka chini ya sifuri. Wakati ule hatukuwa na utaratibu wa kusoma joto siku za mwisho wa wiki. Chanjo iliyoganda kwa macho inaonekana nzima. Yeye hakuiamini. Alizitenga chanjo, akaagiza nyingine kutoka wilayani, akatoka nje akawaeleza akina mama ukweli na kuwaomba wasubiri. Akina mama, baadhi yenu mpo hapa, mlisubiri. Siku iliyofuata alipima kila toleo kwa kulitikisa na kulilinganisha na kichupa alichokigandisha mwenyewe. Zilizoharibika zikaondolewa na kuandikwa, zilizo nzima zikaokolewa. Hakuna mtoto aliyechomwa chanjo iliyoharibika siku ile. Tangu hapo jokofu linasomwa siku saba za wiki. Jumamosi na Jumapili linasomwa na mlinzi wetu wa usiku, ambaye aliomba mwenyewe afundishwe, na muuguzi huyu akamfundisha. Kwa hayo, hospitali inampa tuzo hii, na inamwomba mlinzi wetu asimame pia."

Inachukua takriban dakika moja na nusu kuusoma bila haraka. Mimi huhesabu maneno 100 kwa dakika kwenye kipaza sauti cha uwanjani, kwa sababu sauti inarudi na upepo unachukua miisho ya maneno. Ndiyo maana sentensi ni fupi. Ndiyo maana pia niliacha namba za toleo, jina la kifaa na hesabu ya vichupa, ingawa zote nilikuwa nazo. Katika hotuba ya namna hii jambo moja lililoelezwa hadi mwisho lina nguvu kuliko matano yaliyotajwa. Sista alikuwa na mengine. Alikuwa akifuatilia kadi za watoto waliokosa dozi, aliwahi kuazima baiskeli kumfuata mama mmoja kijijini. Niliyaacha. Ya jokofu yalikuwa na karatasi, yalikuwa na maamuzi manne tofauti ndani ya siku mbili, na yaliacha utaratibu unaoendelea hata yeye akihamishwa. Kipimo hicho cha mwisho nilikitumia kila mwaka baadaye: tendo likiwa limebadilisha namna ofisi inavyofanya kazi, hupata nafasi mbele ya tendo ambalo lilikwisha siku ileile.

Niligundua pia jinsi tulivyokaribia kulikosa. Tukio lilikuwa la Julai, mapendekezo hukusanywa Aprili. Miezi tisa imepita, na watu hukumbuka ya Machi. Asingekuwepo yule muuguzi kijana siku ile nilipouliza, Sista angesomewa kwamba anawahi kazini. Tangu hapo niliweka kauntabuku ofisini kwangu, na kila mkuu wa idara alipoleta taarifa yake ya mwezi nilimwuliza jambo moja: mwezi huu nani alifanya kitu ambacho hakikuwa kwenye zamu yake? Niliandika mstari mmoja na tarehe. Miezi mingi hakukuwa na kitu, na niliacha wazi. Fomu za tathmini, zile za OPRAS za wakati huo, zilikuwa na malengo na alama, lakini hazikuwa na mahali pa kuandika kwamba fundi wa umeme alirudi saa nane usiku kwa miguu kwa sababu alisikia jenereta ikibadilika mlio.

Kauntabuku ilileta ugumu wake. Mwaka uliofuata jina lililopita lilikuwa la mtoa huduma wa kitengo cha tiba na matunzo, na tendo lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote mle ndani. Lilihusu mgonjwa mmoja na familia yake. Nilijaribu kuliandika kwa kuficha kijiji, kisha umri, kisha mwezi. Kila nilipoficha, mtu wa pale mjini angeweza bado kumtambua mgonjwa, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na watu wanajua nani hupanda ngazi za kitengo kile. Nilivyozidi kuficha, tendo nalo lilizidi kupotea hadi likabaki "alimsaidia mgonjwa kwa moyo". Nikaenda kumwona mganga mfawidhi. Tukakubaliana tendo lile liandikwe kwa ukamilifu kwenye barua ya pongezi, iwekwe kwenye jalada lake la siri, na apewe nakala mkononi. Kisha nikarudi kwenye kauntabuku kumtafutia tendo jingine la kusomwa uwanjani. Nilikuta la Novemba, alipopanga upya siku za kuchukua dawa ili wakulima wasikose msimu wa kupanda, na idadi ya waliokuwa wakikosa miadi ikapungua kwenye rejista yake. Nilimwonyesha yote mawili. Alisaini barua, akairudisha rasimu ya wasifu, akaniomba niongeze kwamba siku zile mpya zilipendekezwa na wagonjwa wenyewe.